Pesa za Majuu Haziingii Pale Tunapodhani

Somo la uchumi katika shule zetu hufundisha hivi: pato la ndani ni thamani ya vyote vinavyozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika mwaka, na pato la taifa ni hilo hilo, ukiongeza wanachochuma raia walioko nje na kuondoa wanachochuma wageni walioko ndani. Maelezo haya ni rahisi kukariri, na mtu akiyashika hufikia hitimisho moja bila kusita. Kenya ina raia wengi Marekani, Uingereza, Saudi Arabia na kwingineko. Kwa hesabu za Benki Kuu, walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.2 mwaka 2023 na zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, fedha zinazozidi kwa mbali mapato ya chai yote tunayouza ng'ambo. Basi pato la taifa la Kenya lazima liwe kubwa kuliko pato la ndani. Lakini fungua takwimu za mwaka wowote wa karibuni na utakuta kinyume chake: pato la taifa liko chini ya pato la ndani, kwa kiasi cha asilimia moja hadi mbili. Mabilioni yale yanayopokelewa kwa simu na kwa benki kutoka Londiani hadi Sotik hayamo katika tofauti hiyo hata kidogo.

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Maelezo tunayofundishwa yana kasoro katika neno moja, nalo ni raia. Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa, ambazo Shirika la Kitaifa la Takwimu hufuata kama wenzake duniani, haziulizi mtu ana pasipoti ya wapi. Zinauliza anaishi wapi, yaani kitovu cha maisha yake ya kiuchumi kiko nchi gani, na kipimo cha kawaida ni mwaka mmoja. Aliyehamia nchi nyingine akakaa au akakusudia kukaa huko mwaka au zaidi huhesabiwa mkazi wa huko, hata kama shamba lake liko Kipkelion na kura yake bado imeandikishwa Londiani. Wapo waliotengwa na kanuni hiyo: mwanafunzi aliye masomoni na mgonjwa aliyepelekwa matibabu hubaki wakazi wa kwao hata wakikaa nje miaka mitatu, na mabalozi kadhalika. Wengine wote hupimwa kwa ukaazi. Pato la taifa ni pato la wakazi wa Kenya, wawe raia au wageni. Muuguzi Mkenya wa miaka sita huko Minesota si mkazi wa Kenya, kwa hiyo mshahara wake ni sehemu ya pato la Marekani, la ndani na la taifa pia.

Fedha anazomtumia mama yake basi ni nini? Ni zawadi. Katika lugha ya wanatakwimu ni uhamisho, fedha zinazotoka kwa mkazi wa nchi moja kwenda kwa mkazi wa nchi nyingine bila ya kazi, bidhaa au mtaji kutolewa kama malipo yake. Uhamisho wa namna hii hauingii katika pato la ndani, kwa sababu hakuna kilichozalishwa Kenya, wala katika pato la taifa, kwa sababu hakuna mkazi wa Kenya aliyeuchuma. Unaingia katika hesabu ya tatu ambayo magazeti yetu hayaitaji kamwe: pato la taifa linaloweza kutumika, yaani pato la taifa ukiongeza uhamisho unaoingia na kuondoa unaotoka. Hapa nitaliita pato la matumizi. Hoja yangu ni kwamba kwa nchi kama Kenya, yenye watu wengi nje na wenye mali wengi wa kigeni ndani, mjadala wa pato la ndani dhidi ya pato la taifa huwa nusu ya mjadala. Tofauti ya hizo mbili hutueleza nani anamiliki kilichoko hapa. Waliohama tunawaona tu tunapofika hesabu ya tatu.

Jambo hili huonekana wazi zaidi likishushwa hadi kwenye boma moja. Londiani ni mji wa baridi katika Kaunti ya Kericho, juu kwenye reli ya kwenda Kisumu, wenye misitu na chuo cha misitu, na wakazi wake hutegemea zaidi viazi, mahindi na maziwa, ilhali chai yenyewe hutanda kuelekea Kericho mjini, Bureti na Bomet. Tuchukue boma la kubuni hapo, na takwimu za kubuni zilizo rahisi kujumlisha. Mama anabaki nyumbani. Akishaondoa gharama za mbegu, mbolea na chakula cha ng'ombe, viazi na maziwa vyake vina thamani ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Ana watoto wanne. Wa kwanza ni yule muuguzi wa Minesota, anayelipwa kiasi cha shilingi milioni 9 na kumtumia mama 480,000. Wa pili alikwenda Uingereza kwa viza ya msimu, akachuma matunda miezi sita, akalipwa milioni 1.6 kisha akarudi. Wa tatu ni mwanariadha anayefanya mazoezi hapo hapo milimani, akapata katika mbio za barabarani za Ulaya milioni 2 baada ya kuondoa gharama za safari. Wa nne yuko Riyadh, kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili, na kwa mwaka hutuma 250,000.

Anza na pato la ndani. Viazi na maziwa ya mama vimo, 300,000. Wengi wangedhani kuwa hapo ndipo mwisho, kwa kuwa watoto wote wanne wamechuma fedha zao ng'ambo. La. Mwanariadha ni mkazi wa Kenya aliyekwenda nje kwa siku chache kuuza huduma yake mwenyewe, na kanuni huweka zawadi za wanariadha pamoja na huduma zinazouzwa nje, kundi moja na mtalii anayelipia hoteli Mombasa. Milioni 2 zake ni mauzo ya nje, na zimo katika pato la ndani la Kenya ingawa hakukimbia hatua moja ya shindano katika ardhi ya Kenya. Jumla ya boma katika pato la ndani ni milioni 2.3.

Nenda kwenye pato la taifa. Mchuma matunda aliajiriwa na shamba la Uingereza, kwa hiyo matunda ni ya pato la ndani la Uingereza. Lakini alikaa chini ya mwaka, nyumba yake ni Londiani, naye hakuacha kuwa mkazi wa Kenya. Ujira wake ni pato la mkazi wa Kenya lililotoka nje, na unaingia wote, milioni 1.6, si kile alichorudi nacho peke yake. Chakula na chumba alicholipia huko huandikwa kwingine, kama manunuzi ya Mkenya msafiri. Pato la taifa la boma sasa ni milioni 3.9. Kisha ongeza uhamisho wa muuguzi na wa yule wa Riyadh, 730,000 kwa pamoja, na pato la matumizi linafika milioni 4.63. Milioni 9 za muuguzi hazionekani popote isipokuwa zile 480,000 zilizovuka bahari.

Ndugu wanne wa tumbo moja, wote wamefanya kazi nje ya Kenya, na hesabu imewaweka katika vyumba vitatu tofauti. Anayeamini kwamba pato la taifa hupima juhudi za wananchi walio nje atamkuta mmoja tu kati yao katika tofauti ya pato la ndani na pato la taifa: mchuma matunda wa miezi sita. Na katika Kenya watu wa aina yake ni wachache. Wengi walio nje ni kama muuguzi na kama yule wa Riyadh. Hii ndiyo sababu mabilioni yetu hayaonekani pale tunapoyatafuta.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe, na lina uzito. Kama hesabu inaitwa ya taifa, na muuguzi ni Mkenya kwa damu, kwa pasipoti na kwa moyo, kwa haki gani wanatakwimu wamfute? Jibu langu ni kwamba kumhesabu kwa uraia kungeleta upotovu mkubwa zaidi. Zile milioni 9 analipia kodi Marekani, pango Marekani, bima, gari na karo ya watoto huko huko. Serikali ya Kenya haiwezi kuzitoza, wala hazijengi soko la mtu yeyote Londiani. Tungeziandika katika pato la Kenya tungeonekana matajiri kwa fedha ambazo hazitawahi kufika. Na kwa kuwa Marekani nayo inamhesabu kama mkazi wake, mtu mmoja angehesabiwa mara mbili, na jumla ya mapato ya nchi zote ingezidi mapato ya dunia. Kanuni ya ukaazi inahakikisha kila mtu anahesabiwa mahali pamoja. Inatenda haki upande wa pili vilevile. Mhindi au Mwingereza aliyeishi Kericho miaka ishirini akiendesha kiwanda ni mkazi, na mshahara wake ni pato la taifa la Kenya. Hata kuvuka mpaka si sharti: Mkenya anayefanya kazi katika ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri, Nairobi, ameajiriwa na taasisi ambayo kihesabu haiko Kenya, kwa hiyo mshahara wake hauingii katika pato la ndani, bali unaingia katika pato la taifa kama ule wa mchuma matunda.

Ikiwa waliohama hawamo, ni nini basi kinacholiweka pato la taifa la Kenya chini ya pato la ndani? Ni mapato ya mali: faida na riba. Hapa nchi ya chai inafundisha kuliko kitabu chochote. Chukua kilo moja ya majani mabichi iliyochumwa na mkulima mdogo wa Bureti na kupelekwa kiwanda cha Litein, kilicho chini ya KTDA. Kiwanda ni cha wakulima wenyewe. Malipo ya kila mwezi ni yao, na bonasi inayofuata baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwishoni mwa Juni ni yao. Chai ikishauzwa mnadani Mombasa kwa dola, thamani yote iliyoongezwa, ya shambani na ya kiwandani, ni ya wakazi wa Kenya. Sasa chukua kilo nyingine kama hiyo, imechumwa katika shamba kubwa kilomita chache kutoka hapo. Mashamba ya Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever yamekuwa ya kampuni za kigeni kwa miongo mingi. Ya Unilever yaliuzwa mwaka 2022 kwa mfuko wa uwekezaji wa CVC, na baadaye mashamba ya pande zote mbili yakaelekea mikononi mwa Browns ya Sri Lanka. Kilo hii inaongeza pato la ndani sawa na ile ya Litein. Mishahara ya wachumaji ni ya wakazi wa Kenya. Lakini faida inayobaki ni ya mwenye hisa wa nje, na hiyo huondolewa tunapovuka kutoka pato la ndani kwenda pato la taifa.

Mtu anaweza kusema: si faida yote inayotoka, nyingine inabaki kupanda miche mipya na kurekebisha viwanda. Ni kweli, lakini hesabu haiachii hapo. Faida ambayo kampuni inayomilikiwa na wageni haikuigawa huandikwa kana kwamba imetumwa kwa mwenye hisa, kisha yeye akairudisha kama mtaji mpya. Kwa hiyo inapungua katika pato la taifa hata ikiwa haijavuka lango la shamba. Nakubaliana na kanuni hii. Fedha ile imebaki Kericho, lakini mali inayojengwa nayo si ya mkazi wa Kericho, na pato la taifa ni hesabu ya nani mwenye pato. Kwa upande mwingine, bei iliyolipwa mashamba yalipobadilisha mikono haikuongeza wala kupunguza chochote katika hesabu hizi zote tatu. Kuuza kilichokuwepo si kuzalisha, na mapato ya mwaka hayabadiliki kwa sababu hisa zimehama kutoka kwa mgeni mmoja kwenda kwa mgeni mwingine.

Kutokana na hayo linatokea jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha katika mzozo wa mashine za kuchuma chai. Mwezi wa Mei 2023 watu waliandamana huko Kericho na mashine zikachomwa, na mjadala ukawa kazi dhidi ya ufanisi. Lakini angalia hesabu. Katika shamba la mgeni, ujira wa mchumaji ni sehemu ya thamani ambayo hubaki katika pato la taifa. Mashine inapochukua nafasi yake, sehemu hiyo ya thamani inahama kutoka mshahara kwenda faida, na faida ni ya mwenye hisa. Chai ikibaki tani zile zile kwa bei ile ile, pato la ndani halitikisiki, wala pato la Kaunti ya Kericho ambalo Shirika la Takwimu hulitangaza kwa kupima uzalishaji tu. Pato la taifa linashuka. Waziri wa fedha anaweza kusimama bungeni na kusema uchumi haukupungua, akawa mkweli, huku mapato ya wakazi yamepungua. Na kama kijana aliyekosa kibarua shambani akaenda Riyadh, atarudi katika hesabu kupitia mlango wa tatu, kama uhamisho, wakati kazi aliyokuwa nayo ilimweka katika pato la ndani na la taifa.

Riba ndiyo njia ya pili ya kutokea. Mwezi wa Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje kwa riba ya asilimia 9.75, ili ilipe mapema sehemu ya mkopo wa Yurobondi wa 2014 uliokuwa unakomaa Juni mwaka huo. Riba ya mkopo huo mmoja mpya inakaribia dola milioni 146 kwa mwaka, na kila dola inayomfikia mwenye hati asiye mkazi hutoka katika pato la taifa. Ukijumlisha riba za namna hii na faida za kampuni za kigeni katika simu, benki, bia na chai, kisha ukaweka upande wa pili kidogo ambacho Wakenya huvuna kutoka mali zao za nje na ujira wa wachache wa muda mfupi, unapata ule upungufu wa asilimia moja hadi mbili. Kwa mizani ya mia moja: pato la ndani likiwa 100, pato la taifa ni 98 na kitu, na fedha za waliohama peke yake zinaongeza karibu 4, hivi kwamba pato la matumizi linazidi 102. Hesabu mbili tunazobishania zinaelekea chini, na ya tatu inapanda juu ya zote.

Msomaji mwenye habari za nchi nyingine atanipinga kwa Ufilipino au Lesotho, na anastahili jibu kamili. Nchini Lesotho, katika miaka ya 1980, zaidi ya wanaume 100,000 walifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, na pato la taifa lilikuwa kubwa kuliko pato la ndani kwa zaidi ya nusu yake. Maelezo yale ya darasani yangeonekana kuthibitika. Lakini wachimbaji hao walihesabiwa wakazi wa Lesotho: walikwenda kwa mikataba, walirudi, familia zao zilikatazwa kuwafuata chini ya ubaguzi wa rangi, na tangu 1974 sheria ya Lesotho ililazimisha sehemu kubwa ya ujira wao iwekwe benki nyumbani. Walikuwa mchuma matunda wetu, mara laki moja. Ufilipino nayo kwa muda mrefu imewahesabu wafanyakazi wake wa mikataba kama wakazi, na kabla ya janga la korona pato lake la taifa lilizidi la ndani kwa karibu asilimia 10. Nepali inapokea fedha za wahamiaji zinazofika karibu robo ya pato lake la ndani, kiwango ambacho Ufilipino haifikii, na hata hivyo mapato yake mawili yanakaribiana, kwa kuwa fedha hizo zimeandikwa kama uhamisho. Kulinganisha Nepali na Ufilipino kwa pato la taifa bila kujua hili ni kulinganisha uamuzi wa ofisi mbili za takwimu.

Na uamuzi huo haujakamilika hata kwetu. Yule wa Riyadh ana mkataba wa miaka miwili, hana haki ya kuhamia huko, hawezi kuleta watoto wake, na nyumba pekee aliyo nayo ni ya Londiani. Kanuni ya mwaka mmoja inamtoa, ilhali kanuni ya kitovu cha maisha, ikisomwa kwa uaminifu, ingeweza kumbakisha. Kenya ikiamua kuwahesabu wafanyakazi wa mikataba ya Ghuba kama wakazi, pato la taifa litapanda mwaka huo bila ya shilingi moja kuongezeka mfukoni mwa mtu yeyote, kwa kuwa fedha zitakuwa zimetoka chumba cha uhamisho na kuingia chumba cha ujira. Sioni ubaya wa hatua hiyo ikifanywa wazi na takwimu za nyuma zikirekebishwa. Ubaya ni ikifanywa kimya, halafu ikaitwa ukuaji.

Liko pingamizi jingine, la vitendo zaidi. Fedha za majuu, watu husema, hatimaye zinaingia katika pato la ndani: muuguzi anajenga nyumba Londiani, fundi analipwa, saruji inanunuliwa, mchanga unasombwa. Hivyo ndivyo ilivyo, ila tuangalie kinachoingia. Kinachoingia ni kazi ya fundi, faida ya mwenye duka na sehemu ya saruji iliyotengenezwa Kenya. Mabati na vigae vilivyoagizwa kutoka nje havimo. Mtu akijumlisha pato la ndani na fedha zilizotumwa kisha akaongeza tena thamani ya ujenzi, amehesabu nyumba mara mbili. Na kuna ukingo ambao wengi hawautarajii. Kama nyumba hiyo ni ya muuguzi mwenyewe, ya kupangisha, fedha zilizoijenga hazikuwa zawadi kwa mtu. Zilikuwa uwekezaji wa mtu asiye mkazi, na kodi ya nyumba anayokusanya kutoka kwa wapangaji wa Londiani ni faida inayotoka nje, sawasawa na ya mwenye hisa wa shamba la chai. Binti wa Londiani, kwa nyumba yake ya kupangisha, anapunguza pato la taifa la Kenya. Kwa kanuni ni sahihi, kwa kuwa kodi ile ni pato lake naye anaishi Minesota. Akiiacha mikononi mwa mama yake itumike nyumbani, hapo ndipo inapogeuka kuwa uhamisho na kurudi katika pato la matumizi.

Kwa vitendo wanatakwimu hawawezi kutenganisha haya yote. Benki Kuu hupata takwimu za kila mwezi kutoka benki na kampuni za kutuma fedha, na muamala unapofika Kericho hausemi kama ni zawadi kwa mama, malipo ya kiwanja cha mtumaji, au zawadi ya mbio za mwanariadha aliyerudi wiki iliyopita. Vyote vinaweza kuandikwa kama fedha za waliohama. Fedha taslimu zinazobebwa mkobani na simu au nguo zinazoletwa Krismasi hazimo kabisa. Kwa hiyo zile dola bilioni 4.9 zimezidishwa upande mmoja na kupunguzwa upande mwingine, na ni busara kuzichukulia kama mwelekeo unaoaminika kuliko kiasi kamili.

Madhara ya kuchanganya hesabu hizi si ya darasani tu. Benki ya Dunia huziweka nchi katika madaraja kwa pato la taifa kwa kila mtu, na Kenya iliingia daraja la kipato cha kati cha chini baada ya takwimu zake kurekebishwa Septemba 2014. Fahirisi ya maendeleo ya watu ya Umoja wa Mataifa nayo hutumia pato la taifa. Kote huko fedha za muuguzi na za yule wa Riyadh hazipo. Nchi mbili zenye pato la taifa linalolingana, moja ikipokea uhamisho wa robo ya uchumi wake na nyingine isipokee kitu, zitapewa daraja moja ilhali sahani za chakula za watu wao hazilingani. Na ndani ya Kenya hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kwa kaunti tuna hesabu moja tu, ya uzalishaji. Kericho inaandikiwa faida ya mashamba ambayo si yake, pamoja na ujira wa vibarua kutoka Kisii, Nyamira na Kisumu wanaopeleka sehemu ya fedha makwao, na haiandikiwi hata senti ya kinachotoka Minesota. Mpangaji wa bajeti ya kaunti anayetaka kujua watu wa Londiani wanaishi kwa kiasi gani hana budi kuacha takwimu za pato la kaunti na kwenda kwenye tafiti za matumizi ya kaya, ambazo humwuliza mama mwenyewe amepokea nini na ametumia nini.